Mtoto wa kilo 6.4 mwenye uvimbe: jentamaisini tupunguze au tusipunguze?

karafuu_kavu · saa 2:40 usiku

Asalaam alaykum. Nauliza kwa wenye uzoefu wa wodi za watoto, mniwie radhi kwa urefu.

Mtoto wa kike, miezi 16, kapokelewa jana saa 4 asubuhi hapa Pemba. Uzito kilo 6.4, tepe ya mkono sentimita 11.2, uvimbe miguu yote miwili mpaka chini ya magoti, nimeuandika ++. Kuharisha majimaji mara nne kwa siku, si mengi. Alikuwa mzito wa usingizi lakini anameza. Joto la kwapani 35.2, sukari 2.7, pumzi 36 kwa dakika, mapigo 128, ini sentimita 2 chini ya mbavu. Kipimo cha malaria hakina kitu.

Alipewa mililita 50 za glukosi ya asilimia 10 kwa mdomo, sukari ikapanda 4.1, akafunikwa kifuani kwa mama yake. Akaanzishiwa F-75 mililita 70 kila saa 2, ampisilini na jentamaisini. Usiku zamu ikamwongeza metronidazoli ya maji kwa sababu ya kuharisha.

Leo maneno ni mawili. Kwanza, mwenzangu anataka jentamaisini ya pili iwe nusu, anasema watoto hawa hawatoi dawa mwilini. Pili, jioni hii pumzi zimefika 47 na mapigo 152, na sasa inasemwa ni nimonia, dawa zimeshindwa, tuhamie seftriaksoni. Joto ni 36.5. Nifuate lipi?

---

tabibu_kusini · saa 2:58 usiku

Waalaykum salaam. Mwenzako ana hoja. Ini la mtoto wa utapiamlo mkali limejaa mafuta na vimeng'enya vyake ni vichache, figo nazo zinachuja kidogo. Metronidazoli ilipimwa huko Meksiko kwa watoto wa aina hii, ikaonekana inakaa mwilini muda mrefu zaidi kuliko kwa mtoto aliyeshiba. Kwa hiyo kanuni yangu ni kupunguza kila dawa mpaka uvimbe uishe. Jentamaisini ni sumu ya figo na masikio, nusu dozi ndiyo salama.

Kuhusu pumzi, 47 na joto halijapanda, hawa hawapandi homa hata wakiwa na nimonia. Mimi ningebadilisha dawa usiku huu huu.

---

famasia_wete · saa 3:10 usiku

Kabla hatujafika kwenye nusu, karafuu_kavu tuambie mililita ngapi za jentamaisini ziliingia jana na ampuli ilikuwa ipi. Ziko za miligramu 40 kwa mililita na ziko za miligramu 10 kwa mililita, na kwa mbali zinafanana. Mtoto huyu kwa miligramu 7.5 kwa kilo anapata miligramu 48. Kwenye ampuli ya 40 hiyo ni mililita 1.2. Kwenye ya 10 ni mililita 4.8. Mtu akizoea "moja nukta mbili" halafu akakutana na ampuli ya 10, mtoto anapata miligramu 12 tu, robo ya dozi, na siku ya tatu tunasema dawa imeshindwa. Ikiwa kinyume chake, akavuta 4.8 kwenye ya 40, ni mara nne ya dozi.

Na ampisilini mmeichanganyaje? Kichupa cha miligramu 500 kina unga unaojaza nafasi. Ukitia maji mililita 2.5 unapata karibu mililita 2.9, na dozi uliyoivuta inapungua. Tia 2.1, utoke na 2.5, ndipo kila mililita ina miligramu 200. Miligramu 50 kwa kilo ni 320, yaani mililita 1.6 kila saa 6.

---

karafuu_kavu · saa 3:17 usiku

Ampuli ni ya 40, nimeiangalia sasa hivi kwenye trei, iliingia 1.2 kwenye paja. Ampisilini ilitiwa 2.1 ya maji, wanavuta 1.6, kupitia kanyula mkono wa kushoto.

---

mzee_wa_wodi · saa 3:31 usiku

karafuu_kavu, acha kwanza mjadala wa dawa. Nenda kitandani ufanye mambo manne sasa hivi kisha urudi utuandikie. Mpime uzito kwenye mizani ile ile ya jana, bila nguo. Shika ini, uchore mstari wa kalamu kwenye ngozi pale linapoishia. Sikiliza kifua chini kwa nyuma pande zote mbili. Na ufuate mpira unaotoka kwenye kanyula kwa kidole mpaka mwisho wake uone umefungwa kwenye nini.

---

mama_wa_konde · saa 3:36 usiku

Samahanini madaktari, nimeona mnazungumza watoto wa kuvimba. Kuna mtoto wa jirani hapa Konde kavimba nyayo zote mbili, anakula vizuri kidogo kidogo. Dukani wamempa vidonge vya kukojoa, wanasema maji yamejaa mwilini. Ampe vingapi kwa siku?

---

famasia_wete · saa 3:41 usiku

Dada, asimpe hata kimoja. Uvimbe huo hauondoki kwa kukojoza. Vidonge hivyo vinamtoa potasiamu, na mtoto huyu potasiamu tayari imemwishia ndani ya misuli, pamoja na misuli ya moyo. Mwambie mama yake abonyeze kwa dole gumba juu ya kila mguu kwa sekunde tatu hivi. Shimo likibaki miguu yote miwili, ampeleke kituo cha afya kesho asubuhi mapema. Akikataa kula, akilegea, akitapika kila kitu au akipoa mwili, asisubiri asubuhi. Usiku aendelee kumnyonyesha na kumlisha kidogo kidogo, amfunike asipate baridi.

---

mama_wa_konde · saa 3:44 usiku

Ahsante, nakwenda kuwagongea.

---

karafuu_kavu · saa 3:58 usiku

Nimerudi. Uzito kilo 6.62. Ini sentimita 4. Kifua kina mlio laini chini pande zote mbili, na anaguna kidogo akitoa pumzi. Miguu imevimba kupita jana, sasa shimo linabaki mpaka pajani.

Na mpira wa kanyula umefungwa kwenye chupa ya Ringa lakteti. Inadondoka polepole sana, waliiacha "kushikilia mshipa" ili ampisilini isikose njia. Karatasi inasema mililita 10 kwa saa.

---

mzee_wa_wodi · saa 4:12 usiku

Funga dripu hiyo sasa, kisha usome.

Mililita 10 kwa saa inaonekana si kitu. Kwa saa 24 ni mililita 240, na kwa kilo 6.4 ni mililita 37 na nusu kwa kila kilo. Hayo yote ni juu ya F-75 ambayo ndani yake tayari mna maji yake yote ya siku. Mtoto ameongezeka gramu 220 ndani ya siku moja na nusu, na katika awamu hii ya mwanzo hakuna nyama inayoota. Hayo ni maji.

Moyo wa mtoto huyu umepungua unene wa misuli, na figo zake hazijui kutupa chumvi kwa haraka. Juu ya hapo, chembe za mwili zimejaa sodiamu zilizoinyonya wakati pampu zake zimechoka. Tukianza kumlisha na kumtibu, pampu zinaamka na kuirudisha sodiamu ile kwenye damu, na maji yanaifuata. Kwa hiyo hata asiye na dripu anaweza kujaa siku ya pili au ya tatu. Mwenye dripu tunamsukuma.

Pumzi zimepanda 11, mapigo yamepanda 24, ini limeongezeka sentimita 2, uzito umepanda, homa hakuna. Nimonia haimwongezi mtoto gramu 220. Hiyo ni picha ya kuzidiwa maji na moyo kushindwa. tabibu_kusini amesema kweli kwamba hawa hawatoi homa, lakini ndiyo sababu tunautazama uzito kabla ya kubadili antibiotiki. Mkimhamishia seftriaksoni huku dripu inaendelea, atakufa na antibiotiki nzuri mwilini.

Cha kufanya usiku huu: msimamishe maji yote ya mshipa, na F-75 isimame pia mpaka pumzi zishuke, hata ikichukua saa 24. Mketishe kwa kumuinua kifua, mpe oksijeni kama kipimo cha kidole kiko chini. Furosemaidi miligramu 1 kwa kilo kwa mshipa mara moja. Tumia 6.4, si 6.62, maana gramu zile 220 ni zetu sisi tuliomtia. Ni miligramu 6.4, ampuli ya miligramu 10 kwa mililita unavuta 0.6, polepole. Hapa dawa ya kukojoza ina kazi, kwa sababu moyo umezidiwa. Kwa uvimbe wa miguu peke yake haina. Sukari ipimeni kila saa 2 maana hatakuwa anakula, na mlowesheni mdomo kwa maji ya sukari kijiko kimoja kimoja.

Kanyula ifungwe kifuniko. Ikisafishwa kwa mililita 2 za saline baada ya kila sindano ya dawa inatosha, haihitaji chupa.

---

tabibu_kusini · saa 4:20 usiku

Hilo la maji nimelipokea, picha iko wazi. Lakini hujajibu nusu dozi ya jentamaisini. Figo zake hujazisafisha kwa hoja hiyo.

---

mzee_wa_wodi · saa 4:49 usiku

Nilikuwa naja huko.

"Dawa hazitoki" ni kauli inayochanganya dawa za njia tofauti. Tazama kila dawa inatokea wapi. Metronidazoli na klorofenikoli zinashughulikiwa na ini, na kwa mtoto huyu ini ndilo lililochoka. Hizo kweli hukaa mwilini muda mrefu, na ukizitoa kwa saa zile zile za mtoto wa kawaida zinapandiana. Parasetamoli ina lake pia: ini linahitaji glutathioni ili kuizima sumu inayobaki, na mtoto wa kwashiakoo glutathioni yake iko chini. Ndiyo maana panadoli ya kila saa nne kwa homa ndogo hatuitaki wodini.

Jentamaisini haipiti kwenye ini. Inakaa kwenye maji yaliyo nje ya chembe, na inatoka kwa figo. Mtoto mwenye uvimbe ana maji mengi zaidi ya hayo kwa kila kilo. Maana yake dozi ile ile inatawanyika kwenye bwawa kubwa, na kilele chake kwenye damu kinakuwa chini. Jentamaisini inaua bakteria kwa kilele, haiui kwa kukaa muda mrefu. Ukimpa miligramu 24 badala ya 48, unakishusha kilele ambacho tayari kimeshuka. Na sumu ya figo haitokani sana na kilele, inatokana na dawa kutoisha mwilini kabla ya dozi inayofuata.

Kwa hiyo kama figo zinatia shaka, unachogusa ni muda kati ya dozi na dozi. Dozi yenyewe inabaki 7.5 kwa kilo, mara moja kwa siku. Kilifi walipima jentamaisini kwenye damu ya watoto wa utapiamlo mkali waliopewa hiyo 7.5 mara moja kwa siku kwenye msuli, matokeo yakatoka 2007, na dozi hiyo ilisimama.

Kwa mtoto huyu, dozi ya pili ilikuwa ya leo asubuhi au bado?

---

karafuu_kavu · saa 4:55 usiku

Bado, ilisimama kwa sababu ya ubishi huu. Imepita saa 36 hivi tangu ya kwanza. Kukojoa: nepi ya saa 10 jioni ilikuwa imelowa, tangu hapo kavu. Kreatinini ya jana ilirudi ya kawaida kabisa.

---

mzee_wa_wodi · saa 5:06 usiku

Kreatinini hiyo isikutulize. Inatoka kwenye misuli, na huyu misuli hana. Figo zinaweza kuwa zimepoteza nusu ya kazi na namba ikabaki ndani ya mipaka ya maabara. Ukiirudia kesho na ikapanda, huko kupanda ndiko kunakosema kitu hata kama bado iko "kawaida".

Nepi ndiyo kipimo chako cha usiku. Baada ya furosemaidi atakojoa ndani ya saa moja au mbili kama figo zinafanya kazi. Pima nepi kavu na iliyolowa kwenye mizani ya jikoni, gramu moja ni mililita moja. Akikojoa vizuri, mpe jentamaisini miligramu 48 kamili na saa za hesabu zianze upya hapo. Asipokojoa kabisa, isubiri, na muite daktari mkubwa wa zamu. Ampisilini iendelee bila kukatizwa, hiyo ina nafasi pana ya usalama.

---

famasia_wete · saa 5:11 usiku

Na tafadhali jentamaisini isichanganywe na ampisilini kwenye bomba moja la sindano. Zinaharibiana. Kama zote zinapita kwenye kanyula, moja, kisha saline, kisha nyengine.

---

chumvi_ya_chake · saa 12:20 asubuhi

Nimechelewa, lakini kuna kitu hakijaguswa. Mtoto anaharisha. Mbona hakuna aliyetaja ReSoMal? Huko skuli tulifundishwa kila kinyesi cha majimaji kina fidia yake. Na tangu mwongozo wa WHO wa 2023, hata ORS ya kawaida yenye osmolariti ndogo imekubaliwa kwa mtoto wa utapiamlo mkali aliyepungukiwa maji bila mshtuko. Tusiwatishe watu na maji mpaka mtoto akauke.

---

mzee_wa_wodi · saa 12:45 asubuhi

Swali la haki. Ila soma vipimo vyake: choo mara nne, si mengi, na uzito unapanda. Ukavu wa mtoto huyu utauonaje? Macho yake yamezama na ngozi ikikunjwa hairudi hata siku anayokuwa hana upungufu wowote wa maji, kwa sababu mafuta chini ya ngozi yameisha. Kwa mwenye uvimbe ndiyo kabisa. Dalili zenye maana ni historia ya choo kingi cha maji ndani ya siku moja mbili, macho ambayo mama mwenyewe anasema yamezama tangu jana, na uzito ulioshuka.

Angekuwa amekauka kweli, angepata ReSoMal kwa mdomo au mpira wa puani, mililita 5 kwa kilo kila nusu saa kwa saa 2 za mwanzo. Kwake ni mililita 32 kila mara. Baada ya hapo 5 mpaka 10 kwa kilo kwa saa, ikipishana saa moja na F-75, isizidi saa 10. Na kila nusu saa ile ya mwanzo mtu anahesabu pumzi dakika nzima na mapigo dakika nzima. Pumzi zikipanda 5 na mapigo yakipanda, simama. Kuna wanaosubiri mapigo yapande 25, wengine 15. Mimi husimama kwenye 15, kwa sababu nikisimama mapema naweza kuanza tena baada ya saa moja, na nikichelewa ndipo tulipo sasa.

Kuhusu ORS ya kawaida, ndiyo, mlango umefunguliwa. Sodiamu yake ni 75 kwa lita na ReSoMal ni 45, na potasiamu ya ReSoMal ni 40 dhidi ya 20. Kwa mwenye uvimbe kama huyu mimi bado nashika ReSoMal nikiwa nayo. Kwa kipindupindu mambo yanageuka kabisa: choo cha maji ya mchele kinabeba sodiamu nyingi, na hapo ORS ya kawaida ndiyo sahihi, ReSoMal itamshusha sodiamu mpaka degedege.

---

chumvi_ya_chake · saa 12:58 asubuhi

Kwa huyu nakubali. Kwa wasio na uvimbe, mimi natumia ORS na sioni madhara unayoyaogopa. Pakiti za ReSoMal hazipatikani kila wakati, na mtu kuchanganya mwenyewe kwa kukisia ni hatari kuliko ORS iliyopimwa.

---

mzee_wa_wodi · saa 1:05 asubuhi

Hilo la kuchanganya kwa kukisia tuko pamoja.

---

karafuu_kavu · saa 1:30 asubuhi

Taarifa ya usiku. Furosemaidi 0.6 saa 4:40. Nepi ya saa 6 usiku ilikuwa na gramu 95, ya saa 9 gramu 60. Pumzi alfajiri 38, mapigo 130, ini limepanda juu ya mstari wa kalamu karibu sentimita moja na nusu. Uzito 6.41. Haguni tena. Sukari haikushuka chini ya 3.4. Jentamaisini 1.2 imetolewa saa 7 usiku.

Sasa F-75 nirudishe ngapi? Na swali la seftriaksoni bado liko mezani, bwana mkubwa wa zamu anaitaka.

---

mzee_wa_wodi · saa 1:52 asubuhi

Alhamdulillahi. Anza na nusu ya kiasi, mililita 35 kila saa 2, ukimtazama pumzi kabla na baada. Zikitulia, mchana upande kwenye 50, na kwenye 70 urudi uvimbe ukianza kushuka. Kama uvimbe wake ungekuwa wa mwili mzima na uso, kiwango kamili chenyewe kingekuwa mililita 100 kwa kilo kwa siku badala ya 130, na kwa kuwa jana ulifika mapajani mimi ningemuweka kwenye hiyo 100 kwa kilo, yaani kama mililita 53 kila saa 2, mpaka uanze kushuka.

Seftriaksoni. Ampisilini na jentamaisini tunazipa saa 48 za kazi kwa dozi kamili. Huyu hajazimaliza, maana jentamaisini ilikosa zamu yake. Kilichoonekana kuwa kushindwa kwa dawa kilikuwa maji. Kesho usiku akiwa bado amelegea, hataki kula, joto linashuka chini ya 35 au sukari inaanguka tena wakati pumzi zimetulia, hapo badilisheni. Damu ya kuotesha, kama ipo njia, itolewe kabla ya dozi ya kwanza.

---

famasia_wete · saa 2:15 asubuhi

Mkifika huko: miligramu 80 kwa kilo mara moja kwa siku, kwa uzito wa leo 6.4 ni 512. Kichupa cha gramu 1 kwa maji ya sindano 9.6 kinatoa mililita 10, unavuta 5.1, dakika tatu au zaidi. Isipite kwenye mpira ule wa Ringa lakteti. Ringa ina kalisi, na seftriaksoni ikikutana na kalisi inaganda chembechembe. Safisha njia kwa saline. Na kile kichupa cha lignokeini kinachokuja kwenye boksi ni cha sindano ya msuli tu, kisikaribie mshipa.

Uzito upimeni kila siku kabla ya kuvuta dawa. Uvimbe ukianza kuondoka kilo zitashuka, na huko ndiko kupona. Akifika 5.7, jentamaisini inakuwa miligramu 43, mililita 1.1 badala ya 1.2. Mkiendelea na ya siku ya kwanza mpaka siku ya saba mnamzidishia, na bwawa alilokuwa akilitawanyia halipo tena.

---

tabibu_kusini · saa 2:31 asubuhi

Hapa Pemba naona sababu moja zaidi ya kuikaribia seftriaksoni mapema. Uchunguzi wa damu za wagonjwa wa homa uliofanyika hapa kisiwani ulionesha bakteria wa homa ya matumbo ndiye anayeongoza. Jentamaisini hata ikisema "inaua" kwenye sahani ya maabara, haimfikii bakteria huyo aliyejificha ndani ya chembe.

---

mzee_wa_wodi · saa 2:44 asubuhi

Hoja nzuri, na ni ya mahali. Kama kuna homa ya siku nyingi, tumbo limejaa, wengu umekua au mtu wa nyumba hiyo ana homa ya matumbo, mimi sitasubiri saa 48. Kwa mtoto wa miezi 16 aliyepoa na kuharisha, bado naona bakteria wa utumbo na wa mapafu ndio wa kwanza, na ampisilini na jentamaisini zinawagusa wengi wao. Mstari wenyewe sijauona umechorwa vizuri na mtu yeyote.

---

karafuu_kavu · saa 3:05 asubuhi

Imebaki metronidazoli. Wanampa mililita 1.2 ya maji ya 200 kwa 5, kila saa 8. Tangu aanze anageuza kichwa akiona kikombe.

---

mzee_wa_wodi · saa 3:20 asubuhi

Hesabu ni sahihi, 7.5 kwa kilo ni 48. Saa ndizo zinazonitia shaka. Dawa hii ini lake linaitoa taratibu, kwa hiyo siku ya tatu ana nyingi mwilini kuliko siku ya kwanza, na ladha ya chuma na kichefuchefu ndiyo athari yake ya kwanza. Mtoto asiyetaka kikombe tunamwandika "amekosa hamu, hajapona", kumbe ni dawa. Kuharisha kwa mtoto huyu peke yake si sababu ya kuipa. Choo cha damu au vimelea vya jadia vilivyoonekana kwenye darubini ni sababu. Mimi ningeiacha.

---

tabibu_kusini · saa 3:33 asubuhi

Mimi nisingeiacha. Utumbo wao umejaa bakteria mahala pasipo pao, na ndiko wanakotokea kwenye damu. Ningeipunguza: miligramu 10 kwa kilo kwa siku nzima, ikigawanywa, siku saba. Kuna miongozo inayokwenda hivyo kwa sababu hii hii ya kutotoka mwilini.

---

mzee_wa_wodi · saa 3:41 asubuhi

Ukiipunguza hivyo sigombani nawe. Ukiitoa kila saa 8 kama ya mtu mzima wa afya, nagombana.

---

chumvi_ya_chake · saa 4:02 asubuhi

karafuu_kavu, tazama pia kwenye chati kama hawajamwandikia dawa ya chuma. Hemoglobini ikisoma 8 mtu huandika chuma mkono wenyewe. Utafiti mkubwa wa chuma kwa watoto ulifanyika hapa hapa Pemba, ukachapishwa 2006, na waliopewa chuma na asidi ya foliki waliugua vibaya na kufa zaidi, wakati malaria ilikuwa nyingi. Kwa utapiamlo mkali chuma kinasubiri mpaka maambukizi yatulie na mtoto aanze kuongeza uzito, na akiwa kwenye karanga za pakiti hahitaji cha ziada, kimo ndani.

---

karafuu_kavu · saa 4:10 asubuhi

Kilikuwemo, cha kuanza leo. Nimempigia daktari wa zamu, amekifuta. Metronidazoli amesema isimame mpaka choo kipimwe. F-75 ya 35 amemaliza mara mbili, pumzi 37 kabla, 38 baada. Nitapima uzito kesho saa 12 kabla ya jentamaisini na nitaandika hapa.